Ndui ya kuku ikishaingia bandani, chanjo bado ina kazi?

*"Daktari, nafuga kuku wa kienyeji 64 karibu na Ahero. Kwa wiki mbili sasa kuku 9 wametoka chunjua kichwani na kando ya macho. Wawili kati yao wana utando wa manjano mdomoni na hawali. Dukani niliuziwa antibayotiki, nimewapa siku tano na sioni tofauti. Jirani ananiambia nikwangue vidonda nipake mafuta ya taa. Mwingine anasema nichanje wote. Mimi naogopa kwamba chanjo ikikuta ugonjwa itawamaliza. Tena watoto wangu huwashika hawa kuku, je, hawataambukizwa tetekuwanga?"*

Dada, nianze na watoto. Hawataambukizwa. Tetekuwanga ni ugonjwa wa binadamu, na virusi vyake hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Vile vinavyowasumbua kuku wako ni vya ukoo mwingine kabisa, ukoo wa ndui za ndege, na havishiki katika mwili wa mtu. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka bandani, kwa sababu mikono yao inaweza kubeba ugonjwa kutoka kwa kuku mmoja hadi mwingine.

Ulichoeleza ni ndui ya kuku, na kinachonishawishi zaidi hata kuliko chunjua ni ule mwendo wa ugonjwa. Kuku tisa kati ya sitini na wanne, kwa wiki mbili. Ingekuwa kideri, sasa hivi ungekuwa unahesabu mizoga, na kuku wangekuwa wakiharisha kijani na kupinda shingo. Ingekuwa mafua ya kuku, nyuso zingevimba, pua zingetoa uchafu wenye harufu mbaya, na karibu banda zima lingekuwa limeguswa ndani ya siku chache. Ndui hutembea polepole. Huchukua kuku wawili leo, mmoja keshokutwa, watatu wiki ijayo, na inaweza kukaa bandani mwezi mzima au miwili kabla haijamaliza mzunguko wake. Tafadhali ushike sana jambo hilo la upole wa mwendo, maana ndilo litakalojibu swali lako la chanjo.

Upole huo unatokana na namna virusi vinavyoingia mwilini. Virusi vya ndui haviwezi kupenya ngozi nzima. Vinahitaji tundu, mkwaruzo au mahali palipodonolewa. Kuku wanaopigana hufunguliana ngozi kwa midomo, nao utitiri huchangia, lakini katika sehemu kama zako, kwenye uwanda wa Kano wenye mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama, anayefanya kazi kubwa ya kutoboa ni mbu. Anamuuma kuku mwenye chunjua, mdomo wake unapakwa virusi, kisha anakwenda kumuuma mwingine. Virusi havihitaji kukua ndani ya mbu kama vile vimelea vya malaria vinavyofanya. Mbu ni kama sindano chafu tu, isipokuwa sindano hii inaruka, na inaweza kubaki na uchafu wake kwa wiki kadhaa.

Ukimtazama kuku aliyelala bandani usiku, utaona ni wapi mbu anaweza kumfikia. Mwili umefunikwa na manyoya. Kilichobaki wazi ni kile kishungi chekundu cha kichwani, ndevu zinazoning'inia chini ya mdomo, kope, na ngozi ya uso. Ndiyo maana chunjua zimejitokeza palepale. Baada ya kuumwa hupita kama siku nne hadi kumi bila dalili, kisha hutokea kivimbe kidogo cheupe, kinakua, kinageuka manjano, halafu kinakauka na kuwa kigaga cheusi au cha hudhurungi kilichokazana. Baada ya wiki mbili hadi nne kigaga huanguka chenyewe na ngozi hubaki safi au na kovu dogo.

Antibayotiki haikufanya kazi kwa sababu dawa hizo huua bakteria, na huu ni ugonjwa wa virusi. Hakuna dawa inayoua virusi vya ndui ndani ya kuku, iwe ya chupa au ya mitishamba. Ziko nyakati ambapo antibayotiki husaidia, pale vidonda vinapoingiwa na bakteria vikatoa usaha au jicho likaoza, lakini hilo huamuliwa baada ya kumwona kuku. Kwa kuwa umeshawapa, soma karatasi ya dawa uone ni siku ngapi mayai na nyama havifai kuliwa baada ya dozi ya mwisho, na uzihesabu siku hizo kweli. Usiwauzie watu mayai hayo.

Sasa chanjo. Ndiyo, chanja, na uchanje wiki hii ukiweza, lakini chanja wale 55 wasio na dalili peke yao. Wale 9 waache. Wao tayari wamepata virusi vyenyewe, na wakipona miili yao itakuwa na kinga imara kuliko ile ambayo chanjo ingewapa.

Hofu yako ina msingi, kwa hiyo sitaipuuza. Chanjo ya ndui ni ya virusi hai vilivyopunguzwa makali. Kwa kuku aliyedhoofika, mwenye mafua, minyoo mingi au kuhara damu, ni mzigo wa ziada, na huyo hachanjwi hadi apate nafuu. Lakini kwa kuku mzima, hata kama amelala banda moja na wagonjwa, chanjo haimuui. Inachofanya ni kumwekea kidonda kidogo kimoja mahali tunapopachagua sisi, kwenye ngozi nyembamba ya bawa, ili mwili ujifunze kupigana na virusi kabla mbu hajavileta kwenye kope au kooni. Kinga hiyo huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne kujengeka. Kwa ugonjwa unaokimbia kama kideri, muda huo ungekuwa mrefu mno. Kwa ndui inatosha kuwaokoa wengi, kwa sababu kuku wako wengi hawajafikiwa bado.

Kanuni tunayoifuata shambani ni kwamba ukiona wagonjwa hawajafika kama thuluthi moja ya kundi, chanja waliobaki. Wako wewe ni 9 kati ya 64, yaani kama 14 kwa kila 100. Bado una nafasi kubwa. Wangekuwa wagonjwa 35 ningekuambia uhifadhi pesa zako, utunze wagonjwa na upambane na mbu, maana hao waliobaki wengi wao wangekuwa wameshaumwa na mbu na kubeba virusi, wakiwa katika zile siku nne hadi kumi zisizo na dalili.

Kuna jambo moja ambalo usipolijua mapema litakuvunja moyo. Miongoni mwa hao 55 bila shaka wako wachache walioumwa na mbu juzi au jana. Leo ni wazima machoni, lakini virusi vimo. Utawachanja, na baada ya siku tano au nane watatoka chunjua. Majirani watasema chanjo ndiyo imewaletea ugonjwa, nawe utatamani kuwaamini. Andika tarehe ya chanjo ukutani kwa makaa. Wagonjwa wapya watakaojitokeza katika wiki mbili za kwanza ni wale waliokuwa wameshaambukizwa. Baada ya wiki ya tatu wasitokee wapya tena. Wakiendelea kutokea, hapo ujue chanjo haikushika, na nitakueleza hapa chini jinsi ya kulijua hilo mapema zaidi.

Shida yako ya kwanza itakuwa chupa. Chanjo hii hufungwa kwa dozi nyingi, mara nyingi 500 au 1,000 kwa chupa, na ukishaichanganya na maji yake maalumu haidumu zaidi ya kama saa mbili. Huwezi kutumia dozi 55 ukaweka nyingine friji hadi kesho. Kwa hiyo zungumza na majirani mlio karibu kwa mwendo wa miguu, mchange, mkubaliane siku moja asubuhi. Ila hapa pana mtego ambao nimeona watu wakinaswa nao. Kwako kuna ugonjwa, kwao huenda hakuna. Mchanjaji akianzia kwako kisha aende kwao, atawapelekea ndui kwa viatu, mikono na sindano. Mwanzie nyumba isiyo na ugonjwa, mfuate inayofuata, kwako iwe ya mwisho. Kila boma litumie kijiti chake kipya cha kuchanjia, na mchanjaji anawe mikono na kuosha viatu kila anapotoka. Na boma lolote likianza kuchanja, lichanje kuku wake wote walio wazima siku hiyohiyo. Kuchanja nusu ni kuingiza virusi vya chanjo bandani na kuwaacha wengine bila kinga.

Chupa itoke dukani ndani ya kisanduku chenye barafu, si mfukoni wala kwenye kikapu juani. Uliza muuzaji akuonyeshe friji anamoihifadhi. Akiitoa kwenye rafu, iache. Tazama pia tarehe ya mwisho. Changanyeni kivulini, mimineni maji yake taratibu, zungusheni chupa bila kuitikisa kwa nguvu hadi povu.

Kijiti cha kuchanjia huja pamoja na chupa. Kina ncha mbili kama uma mdogo, na kila ncha ina kitundu kinachobeba tone dogo sana. Mtu mmoja anamshika kuku na kufungua bawa. Ukilitazama kwa ndani, karibu na mwili, utaona pembetatu ya ngozi nyembamba isiyo na nyama, kati ya bega na kiungo cha bawa. Ng'oa manyoya machache yanayofunika hapo, kwa sababu unyoya unaweza kuifuta chanjo kabla haijafika kwenye ngozi. Chovya kijiti kwenye chupa, kisha toboa ngozi hiyo kutoka upande wa ndani hadi ncha zitokeze upande wa pili, ukikwepa mshipa wa damu, mfupa na nyama. Chovya upya kwa kila kuku. Mbinu ni rahisi, na mtu akishafanya kuku kumi mkono unazoea. Hakikisheni tone halimwangukii kuku machoni wala mdomoni, na kuku aliyekwisha kuchanjwa awekwe upande wake ili asirudiwe wala asisahauliwe.

Msipake spiriti wala dawa yoyote ya kuua vijidudu kwenye ngozi ile, na msisafishe kijiti kwa spiriti. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilichanja kuku karibu 300 wa kikundi kimoja cha kina mama. Kijana aliyenisaidia alikuwa amefundishwa vizuri kwamba kabla ya sindano hupakwa spiriti, akawa anapangusa kila bawa mbele yangu, nami sikumzuia kwa sababu ilionekana ni usafi. Spiriti iliua virusi vya chanjo pale pale kwenye ngozi. Sikurudi kukagua. Mvua za masika zilipokolea wale kina mama walipoteza mitetea iliyokuwa imekaribia kutaga, na mimi nililazimika kuketi mbele yao na kuwaambia kosa lilikuwa langu.

Tangu wakati ule sihesabu chanjo ya ndui kuwa imefanyika hadi nimerudi kutazama mabawa. Chanjo hii ina fadhila ambayo chanjo nyingi nyingine hazina, kwamba inakuonyesha kwa macho kama imeshika. Siku ya saba hadi ya kumi, washike kuku kama ishirini kutoka pembe tofauti za banda na uguse pale ulipotoboa. Ukikuta kivimbe kidogo au kigaga, imeshika. Kati ya hao ishirini unatarajia kama kumi na wanane wawe nacho. Ukikuta sita tu, au hakuna hata mmoja, basi chanjo ilikufa kwa joto, au ilifutwa na manyoya, au ilipakwa spiriti, na itabidi urudie kwa chupa mpya. Tofauti ipo kwa kuku wakubwa. Koo aliyewahi kupata ndui miaka iliyopita, au aliyechanjwa zamani, huenda asioneshe alama yoyote kwa sababu tayari ana kinga. Kwa hiyo ukague zaidi wale wachanga, mitemba na majogoo ya mwaka huu.

Hukutaja vifaranga. Kama unao, soma karatasi iliyo ndani ya sanduku la chanjo kabla ya kuwagusa, kwa sababu ziko chanjo zilizotengenezwa kwa kuku wa wiki sita na kuendelea, na ziko nyepesi zinazofaa hata wadogo zaidi. Usiwachanje kwa kukisia. Waliochanjwa wakiwa wadogo sana huhitaji kurudiwa baadaye. Wanaotaga wanaweza kupunguza mayai kwa siku chache baada ya chanjo, lakini ndui yenyewe hupunguza mayai kwa wiki nyingi, kwa hiyo katika hali yako mimi ningewachanja.

Nije kwa wagonjwa. Saba wenye chunjua za nje peke yake wana nafasi nzuri sana ya kupona, sharti waweze kuona na kula. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Kuku wa ndui hufa mara nyingi kwa njaa na kiu, kwa sababu kope zimevimba na kuziba, haoni chombo cha maji, na wenzake wanamsukuma. Watenge mahali pao, weka maji na chakula karibu na pale wanapolala, chakula kiwe kimelowekwa kidogo. Wape majani ya kijani kama mchicha au sukuma wiki, na vitamini A iliyomo itasaidia ngozi na koo kujijenga upya. Macho yasafishe mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chai cha chumvi. Lowesha kigaga kwenye kope kwa pamba hadi kilainike, jicho lifunguke lenyewe. Chunjua za kwenye kishungi na ndevu unaweza kuzigusa kwa aidini mara moja kwa siku ili bakteria wasiingie.

Kukwangua hapana. Najua jirani ana nia njema, na najua kigaga kikubwa kinamkera mtu anayempenda kuku wake. Ila chini ya kigaga kuna nyama mbichi, ukikibandua inatoka damu, damu inawaita wenzake kudonoa na mbu kutua. Halafu kile kipande ulichokitupa chini ni ghala la virusi. Ndani ya kigaga kilichokauka virusi hudumu hai kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kila ukikwangua unapanda mbegu ya msimu ujao katika sakafu yako. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi laini, na yakiingia jichoni au puani utakuwa umemwongezea mgonjwa ugonjwa mwingine. Waliopona baada ya kupakwa mafuta ya taa walikuwa wanapona tu, kwa sababu kigaga huanguka chenyewe.

Wale wawili wenye utando mdomoni ndio wanaonipa wasiwasi. Ndui hii ya ndani hushika ulimi, kaakaa na koo, wakati mwingine hadi mdomo wa njia ya hewa. Mfungue kuku mdomo mahali penye mwanga. Nyuma ya ulimi utaona tundu dogo linalofunguka na kufunga anapopumua. Kama utando uko kwenye kingo za mdomo na ulimi tu, na tundu lile liko wazi, mtunze. Gusa utando kwa kijiti chenye pamba kilicholoweshwa aidini iliyopunguzwa kwa maji yaliyochemshwa, sehemu moja ya aidini kwa kumi za maji. Kinachotoka chenyewe kitoe. Kilichoshika usikivute, kwa maana chini yake patatoka damu na kipande kinaweza kuangukia njia ya hewa. Mlishe uji mwepesi wa unga wa chakula chake kwa kijiko, kidogo kidogo, mara nne kwa siku, ukimiminia kando ya mdomo na si kooni.

Kama utando umefika kwenye lile tundu, kuku ananyoosha shingo, anafungua mdomo kupumua na kifua kinakoroma, nitakuwa mkweli kwako. Wengi wa namna hiyo hawaponi, na kifo chao ni cha kukosa hewa, kwa saa nyingi. Kumchinja mapema ni huruma. Kwa kuwa alipewa antibayotiki, asiliwe. Azikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatafukua.

Utando wa mdomoni una wenzake wanaofanana nao, kwa hiyo usiridhike haraka. Ukosefu wa vitamini A huleta vipele vidogo vyeupe kooni, lakini kuku hao hawana chunjua kichwani. Kuna kimelea kinacholeta uchafu mzito kama jibini mdomoni, hasa boma lenye njiwa, na hicho kina dawa yake. Upo pia ugonjwa wa koo la hewa ambao kuku hukohoa hadi hutoa damu. Kwa vile wako wamo katika kundi lenye chunjua za nje, ndui ndiyo inayoelekea zaidi. Lakini ukiona kuku mwenye utando mdomoni bila chunjua yoyote, au anakohoa damu, au wanakufa zaidi ya wawili watatu kwa wiki, au nyuso zinavimba banda zima, acha kutibu kwa maelezo ya mbali. Mwite afisa wa mifugo wa wadi yako au daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mzoga wa kuku aliyekufa siku hiyo, ukifungwa vizuri kwenye mifuko miwili na kuwekwa kwenye barafu, unaweza kupelekwa maabara ya mifugo ya Kericho, ambako hupasuliwa na kuchunguzwa. Usiugandishe kwenye friza, na uupeleke kabla haujaoza.

Mbu wa Ahero huwezi kuwamaliza, na mashamba ya mpunga si yako kuyakausha. Unachoweza ni kuwapunguza wale wanaozaliwa uani kwako na kuwazuia usiku. Mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo chombo chochote chenye maji kinachomwagwa na kusuguliwa kila siku mbili tatu hakitazaa mbu. Anza na vyombo vya kunyweshea kuku, kisha tairi, madebe, na lile shimo la maji ya kuogea nyuma ya nyumba. Waya wa kawaida wa kuku hauzuii chochote, mbu hupita katikati bila kukunja bawa. Madirisha ya banda yafunikwe kwa wavu mwembamba, na mlango ufungwe kabla jua halijazama, hasa kwa wale wanaopenda kulala juu ya mwembe. Kama una chandarua kilichochakaa kabisa kinaweza kukatwa kufunika dirisha, lakini kile anacholalia mtoto kisiguswe. Moshi wa mavi ya ng'ombe hufukuza mbu kweli, ila bandani usiutumie. Mapafu ya kuku ni dhaifu kwa moshi, na kwa mwenye utando kooni unaweza kuwa mwisho wake.

Vigaga vikianguka, nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, kusanya matandiko yote uyachome au uyazike, kisha osha kwa sabuni kabla ya kupuliza dawa ya kuua vijidudu. Dawa ikipulizwa juu ya uchafu haifiki kwenye virusi.

Pia usinunue kuku wapya wala usiuze hawa sokoni hadi kigaga cha mwisho kianguke na zipite wiki mbili baada ya hapo. Kuku wa jioni sokoni hubeba ndui hadi vijiji vitatu mbele. Halafu, kwa vifaranga watakaoanguliwa baada ya hawa, panga chanjo wakiwa na wiki sita hadi nane, na kwa mahali mnapoishi jitahidi wawe wameshachanjwa mwezi mmoja kabla ya mvua za masika za Machi, kabla mbu hawajawa wengi na kabla mitetea haijaanza kutaga.

Ukishachanja, nihesabie mabawa siku ya nane na uniandikie ni wangapi kati ya ishirini walikuwa na kivimbe. Kwa hesabu hiyo nitajua kama turudie au tusubiri.